Gari lililotumika na huduma za mtandaoni: barua pepe ya kumwandikia muuzaji kabla hujalipa

Tangazo la gari lililotumika siku hizi haliishii kwenye injini na magurudumu. Muuzaji huorodhesha pia kwamba gari lina CarPlay, lina Android Auto, laonyesha msongamano wa barabarani, lafunguliwa mlango kwa simu. Maneno hayo huenda yote ni ya kweli siku aliyoyaandika, kwani yeye bado ndiye mwenye gari na gari liko kwake. Swali la mnunuzi ni jengine: yepi yatabaki kuwa kweli gari likishateremshwa Kilindini na kadi ikishaandikwa jina lake?

Jawabu hulipati kwa kulitazama gari, na hulipati kwenye cheti cha ukaguzi. Mkaguzi anayelikagua gari kabla halijapakiwa meli huangalia breki, taa, mwili wa gari, kilomita, na umri usiozidi miaka 8 kama kiwango cha KS 1515 kinavyotaka. Haangalii gari limeunganishwa na akaunti ya nani. Wala kuhamisha umiliki kwa NTSA hakuhamishi akaunti hiyo. Mwenye jawabu ni muuzaji peke yake, na njia nzuri ya kumuuliza ni barua pepe, kwa sababu hubaki kama ushahidi. Hapa naieleza barua niliyomwandikia mimi ndugu mmoja wa huku kwetu aishiye Uingereza, aliyekuwa akiuza BMW 320d ya umbo la G20 iliyosajiliwa Septemba 2019. Nimeiondoa majina na namba tu.

Kamba tatu

Kabla ya kuandika chochote, fahamu kwamba kila huduma ya gari la kisasa imefungwa kwa mojawapo ya kamba tatu.

Ya kwanza imefungwa kwenye gari lenyewe, yaani kwenye namba ya chesisi. Kitu kilicholipiwa moja kwa moja bila tarehe ya mwisho kwa kawaida huwa hapa, na huenda na gari kwa kila mwenye kulinunua. Ya pili imefungwa kwenye akaunti ya mtu. Huduma za kulipia kwa mwezi au kwa mwaka huwa hapa, pamoja na ile programu ya simu inayofungua milango. Mtu akiondoka, zaondoka naye, au zaisha tarehe yake ikifika. Ya tatu imefungwa kwenye nchi. Ramani ya Ulaya haina Kenya hata ukiilipia upya, na laini ya simu iliyotiwa ndani ya gari kiwandani iko chini ya mkataba wa mtandao wa huko, si wa Safaricom.

Kitu kimoja chaweza kuwa kwenye kamba mbili tofauti kulingana na vile kilivyonunuliwa. Mfano unaojulikana ni wa Julai 2022, BMW walipoonekana Uingereza wakiuza joto la viti vya mbele kwa pauni 15 kwa mwezi, au pauni 150 kwa mwaka, au pauni 350 bila kikomo. Nyaya za kupasha joto tayari zilikuwa ndani ya kiti. Kilichouzwa ni ruhusa ya kuziwasha. Mombasa hii hakuna atakayelilia kiti cha moto, lakini funzo ni lile lile. Aliyelipa pauni 350 amekiongezea kitu gari. Aliyelipa pauni 15 amekodi, na tangazo lake la kuuza gari litaandikwa maneno yale yale: "lina viti vya joto." Ndiyo maana neno "lina" halitoshi. Mnunuzi auliza "lina mpaka lini, na kwa jina la nani?"

Barua yenyewe

*Mada: Maswali kuhusu huduma za mtandaoni na toleo la programu, BMW 320d ya 2019*

*Assalamu alaikum kaka,*

*Ahsante kwa picha na kwa historia ya sevisi. Bei ya pauni 13,500 tumekubaliana, na ukaguzi tutaupanga. Kabla sijatuma pesa naomba unijibu haya matano, kwa sababu gari likishapakiwa meli mengine hayatarekebishika.*

*1. Toleo la programu. Washa gari, ingia kwenye mipangilio, fungua "Remote Software Upgrade" na upige picha namba ya toleo inayoonekana hapo. Niambie pia kama kuna toleo jipya linalongoja kuwekwa.*

*2. Huduma za kulipia. Kwenye akaunti yako ya ConnectedDrive kuna orodha ya huduma za gari hili, kila moja na tarehe yake ya mwisho. Naomba picha ya orodha nzima, hata zile zilizokwisha.*

*3. CarPlay na Android Auto. Unganisha iPhone, kisha simu ya Android ya mtu yeyote wa nyumbani, na unirekodie video fupi. Katika video hiyo hiyo nionyeshe kilomita za gari kwenye dashbodi.*

*4. Kuna chochote ulichokinunua baadaye kupitia simu au tovuti, ambacho hakikuwamo gari lilipotoka kiwandani? Kama kipo, kilinunuliwa bila kikomo au kwa muda? Naomba risiti.*

*5. Akaunti. Ni watu wangapi wamelisajili gari hili kwenye simu zao, wewe, mkeo au mwengine? Yuko aliye na ufunguo wa gari ndani ya simu? Tutakapomalizana nitaomba nyote mliondoe, lakini tafadhali usiliondoe sasa, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.*

*Namba ya chesisi nitumie yote, herufi na tarakimu zote 17, nilinganishe na zile za kwenye hati.*

*Wasalaam.*

Hakuna swali hapo la kujibiwa kwa "ndiyo" tu. Kila moja laomba picha, tarehe au risiti. Si kwamba muuzaji ni mwongo. Watu wengi hawajui wenyewe walichonacho, maana gari lilipokuwa jipya kila kitu kilikuwa kimewashwa, na huduma iliyokwisha kimyakimya miaka miwili nyuma hawajaihisi kwa sababu hawakuwa wakiitumia.

Majibu, na jinsi ya kuyasoma

Majibu yalikuja siku ya pili.

Toleo la programu lilisoma 11/2019. Tarakimu hizo ni mwezi na mwaka wa toleo, na kwa gari hili zina maana kubwa. BMW walileta Android Auto kwa magari ya mfumo huu kupitia toleo la 07/2020. Gari lililo chini ya hapo halina Android Auto hata kama ni la umbo lile lile, mwaka ule ule, rangi ile ile. Kaka yangu aliandika kwenye tangazo kwamba lina, kwa kuwa alisoma mtandaoni kwamba BMW za G20 zinayo. Yeye mwenyewe atumia iPhone, kwa hiyo hakuwahi kuijaribu. Video ya simu ya Android ilionyesha muziki kwa Bluetooth na hakuna zaidi.

CarPlay ilifanya kazi, na kwenye orodha haikuwa na tarehe ya mwisho. Hilo nalo ni la kuangaliwa katika gari la mwaka huo. Mpaka Desemba 2019 BMW walikuwa wakitoza ada ya kila mwaka kwa CarPlay Uingereza baada ya kipindi cha bure, ndipo wakaiondoa. Gari la kabla ya hapo laweza kuwa na CarPlay ya kudumu, au ya muda uliokwisha, na kinachotofautisha ni ule mstari mmoja wa tarehe.

Kwa mnunuzi wa pwani, haya mawili ndiyo yenye thamani kuliko yote mengine katika orodha. Ramani ya ndani ya gari ni ya Ulaya. Ukiliwasha Nyali litakuonyesha mahali patupu. Taarifa za msongamano zatoka kwenye mtandao wa huko. Kitakachokupeleka Malindi au Voi ni ramani ya simu yako ikionekana kwenye skrini ya gari, na mlango wake ni CarPlay au Android Auto. Skrini ikikosa mlango huo, yabaki kuwa redio na kamera ya nyuma.

Huduma za msongamano na nyenginezo za kundi hilo zilikuwa zimekwisha tangu 2022, kwani zilikuja na gari jipya kwa miaka 3. Hizo nilizifuta katika hesabu yangu. Hata zingekuwa hai nisingeziongezea shilingi, kwa sababu ziko kwenye kamba ya tatu. Kitufe cha SOS cha juu ya kioo ni hivyo hivyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilikilazimisha kwa aina mpya za magari kuanzia 31 Machi 2018, na mfumo wake umejengewa vituo vya dharura vya Ulaya. Huku, ajali ikitokea shika simu yako.

Swali la nne lilileta kitu kimoja: taa kubwa zinazojipunguza zenyewe gari jengine likija mbele, zilizonunuliwa bila kikomo. Risiti ilikuwapo na ilitaja namba ya chesisi. Hiyo ni kamba ya kwanza, inabaki na gari. Angekuwa amelipa kwa muda, ningeihesabu kama haipo.

Risiti hii si ya kupuuzwa. Mapema 2020 ilitangazwa sana Marekani habari ya mtu aliyenunua Tesla Model S kwa mfanyabiashara wa magari, karatasi ya bei ikitaja uwezo wa gari kujiendesha uliothaminiwa dola 8,000. Kampuni ilifanya ukaguzi wake kutoka mbali, ikaona uwezo huo haukulipiwa kwa gari lile, ikauzima. Baada ya habari kuenea ilimrudishia. Gari lilikuwa lake, funguo zilikuwa zake, na kilichomsaidia kubishana ni ile karatasi iliyoorodhesha kila kitu kwa jina.

Swali la tano: gari lilikuwa kwenye simu mbili, yake na ya mkewe. Ufunguo wa simu hawakuwa nao.

Utaratibu: sasisha kwanza, futa mwisho

Hapa ndipo wengi huharibu kwa nia njema. Muuzaji mwema, akishalipwa, hufuta kila kitu chake siku hiyo hiyo na kulipeleka gari bandarini. Akifanya hivyo kabla ya kusasisha programu, amekufungia mlango. Toleo jipya hushuka kupitia laini ya gari au kupitia programu ya My BMW kwenye simu iliyounganishwa na gari, na vyote viwili vyamhitaji mwenye akaunti, tena akiwa kule kule mtandao unakopatikana. Gari likifika Mombasa na toleo la 2019, usihesabu kwamba litajisasisha lenyewe.

Kwa hiyo nilimwomba afuate mpango huu. Kwanza aweke toleo jipya. Gari liegeshwe mahali pa usalama, betri iwe na chaji nzuri, milango ifungwe. Kuweka kwenyewe huchukua kama dakika 20 na gari haliendesheki muda huo. Kama gari likikataa na kusema lipelekwe kwa wakala, alipeleke huko, na gharama tugawane. Pili, anipigie tena picha ya namba ya toleo, na arudie video ya simu ya Android. Alipofanya hivyo toleo lilisoma mwaka wa mbele kuliko 2020, na alama ya Android Auto ikatokea kwenye skrini. Tatu, baada ya hapo tu, afute.

Kufuta nako ni kwa pande mbili, na upande mmoja hautoshi. Ndani ya gari kuna "Reset vehicle data", inayofuta simu zilizounganishwa, anwani za nyumbani kwake, orodha ya majina na wasifu wa madereva. Kwenye simu, yeye na mkewe kila mmoja aliondoe gari kutoka programu ya My BMW. Ukifuta ndani ya gari tu, usichukulie kwamba akaunti ya nje nayo imeachilia. Ukiondoa kwenye simu tu, anwani zake zaja nawe mpaka Mombasa.

Jambo hili si la adabu tu. Aliye na gari kwenye akaunti yake aweza kuona lilipo na kufungua milango kwa kidole. Gari linapongoja meli kwenye bandari ya Uingereza bado liko chini ya mtandao wake, na tayari ni mali yako. Baadaye, wewe ukitaka kulisajili kwa jina lako au kuliuza kwa mtu mwengine, utaambiwa lina mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda amebadilisha simu na mji.

Ndiyo sababu nilipendekeza, naye akakubali, kwamba pauni 300 za bei zibaki mkononi mwangu mpaka nipate picha mbili: skrini ya gari baada ya kufutwa, na skrini ya simu isiyo na gari tena. Si pesa nyingi kwa bei ya gari, lakini zatosha kumkumbusha mtu jambo la dakika kumi. Makubaliano hayo yaliandikwa ndani ya barua pepe ile ile, si kwa mdomo.

Ukishachelewa, au ukinunua yadi

Kama gari limeshafika na toleo la zamani, bado kuna njia, ila ni ya gereji. Fundi wa BMW mwenye kompyuta na programu ya kiwanda aweza kuliwekea toleo jipya kwa waya. Muulize jambo moja kabla hajaanza: ana mashine ya kushikilia umeme wa betri wakati wa kazi? Kazi hiyo huchukua muda mrefu gari likiwa limewashwa bila injini, na umeme ukishuka katikati, kifaa kimoja au viwili vyaweza kufa kabisa. Fundi anayesema betri yako inatosha, mshukuru na uondoke.

Kwa gari la yadi lililotoka mnadani Japani, maswali hupungua. Mwenye yadi hamjui mwenye gari wa kwanza, hivyo hawezi kumtafuta amwondoe kwenye akaunti. Huduma za kule nazo mara nyingi zimeshazimwa hata Japani kwenyewe: G-BOOK ya Toyota ilifungwa 31 Machi 2022, na kitufe chake bado kiko kwenye magari yanayouzwa huku. Hapo usilipie chochote cha mtandao. Muombe mwenye yadi mambo matatu tu: akuunganishie simu yako mwenyewe uone CarPlay au Android Auto ikifunguka, akuonyeshe skrini ikibadilika kutoka Kijapani hadi Kiingereza, na afute data mbele ya macho yako. Kisichofanyika pale yadi, usikubali kuambiwa kitafanyika kesho.

Na kwa aina nyengine za magari majina ya skrini hubadilika lakini kamba ni zile zile tatu. Kuzeeka kwa mtandao nako kwaweza kuikata kamba ambayo hakuna aliyeigusa. Aprili 2024, Nissan Leaf na e-NV200 za mpaka 2016 zilipoteza programu yao ya simu huko Uingereza, kwa sababu vifaa vyake vilitegemea mtandao wa 2G unaoondolewa. Waliokuwa na magari hayo hawakuyauza wala hawakukosa kulipa. Kwa hiyo, unapoandika barua yako, ongeza mstari mmoja kwa gari lililozidi miaka mitano: kifaa cha mawasiliano kilichomo ndani ni cha 2G, 3G au 4G?

Mimi niliyahesabu majibu yangu hivi: CarPlay, Android Auto na taa zimekuja, ramani, msongamano, SOS na kufungua mlango kwa simu hazikuhesabiwa kabisa, na bei ikabaki ile ile kwa kuwa gari lenyewe lilistahili. Tofauti ni kwamba nililipa nikijua nalipia nini. Barua yangu waweza kuinakili kama ilivyo, ubadilishe jina la gari na majina ya skrini, uitume kabla ya pesa.